Kubandika juu ya seli zenye Data Validation: makosa yanapopenyea na jinsi ya kuyasaka

*"Nina faili la Excel la kusajili maombi ya vifaa, tunalitumia watu kadhaa. Safu ya Hali ina orodha kunjuzi, na safu ya Tarehe hairuhusu siku iliyo kabla ya 1/1/2025 wala iliyo baada ya leo. Zote nimeziwekea Data Validation ya Stop. Mtu akiandika kitu cha ovyo anakataliwa, lakini kila mara nakuta 'Imekamilka', 'imekamilika' na tarehe za ajabu. Najua watu wanabandika. Nimebofya Circle Invalid Data, ikazungushia seli chache tu na nyingine mbovu ikaziacha. Nizipateje zote, na nizuieje?"*

Anza na zile seli mbovu ambazo duara limeziruka, maana ndizo zinazoeleza kilichotokea. Circle Invalid Data huipima seli kwa kanuni iliyomo ndani ya seli hiyo hiyo. Seli iliyopoteza kanuni yake haina cha kupimiwa, kwa hiyo inapita salama hata kama ndani yake kuna neno lisilojulikana. Faili lako lina uharibifu wa aina mbili, na usipoutenganisha utasafisha nusu na kudhani umemaliza.

Kanuni ya Data Validation inaamka pale tu mtu anapoandika ndani ya seli na kubonyeza Enter. Ni mlinzi wa mlango mmoja. Anayebandika haonwi, anayeburuta pembe ya seli ili kujaza seli za chini haonwi, makro inayoandika thamani haionwi, na fomula iliyomo kwenye seli ikibadilisha jibu lake, jibu jipya nalo halipimwi.

Sasa, kubandika kwenyewe kuna namna mbili. Mtu akinakili seli nyingine ya Excel na kubandika kwa Ctrl+V, hubandika seli nzima: thamani, rangi, fomati ya namba na kanuni yake. Kama seli aliyoinakili haikuwa na kanuni, huo ukosefu wa kanuni nao unabandikwa, na kanuni yako inafutika bila onyo lolote. Kama ilikuwa na kanuni nyingine, yako inabadilishwa kwa hiyo. Lakini akibandika thamani peke yake, yaani Paste Special kisha Values, kanuni yako inabaki mahali pake. Ila thamani iliyoingia haipimwi. Maandishi yanayotoka nje ya Excel, tuseme kwenye barua pepe, kwa kawaida huingia kwa namna hii ya pili.

Lijaribu mwenyewe kwenye nakala ya faili. Andika "Ovyo" kwenye seli tupu ya pembeni, inakili, kisha ibandike juu ya D2 kwa Ctrl+V. Mshale wa orodha kunjuzi unatoweka. Bonyeza Ctrl+Z kurudisha hali ya awali, nakili tena seli ya pembeni, kisha ibandike kwa Values. Safari hii mshale upo, na "Ovyo" limo ndani ya seli. Jaribio la tatu: nakili herufi zenyewe kutoka kwenye mstari wa fomula, bofya mara mbili ndani ya D2, zibandike humo na ubonyeze Enter. Hapo unakataliwa, kwa sababu Excel inalihesabu tendo hilo kuwa ni kuandika. Ukiyaona hayo matatu yakitokea mbele ya macho yako, utajua kila kosa kwenye faili lilipitia wapi.

Kwanza ona kanuni imefutika wapi

Usirudishe kanuni kabla ya kuona ilipofutika. Ukishairudisha kwenye safu nzima, huwezi tena kujua seli zipi zilibandikwa kwa Ctrl+V, na taarifa hiyo utaihitaji tutakapofika kwenye tarehe.

Nachukulia kwamba shiti lako linaitwa `Maombi`, Hali iko safu D, Tarehe iko safu E, rekodi zinaanza mstari wa 2 hadi wa 601, na orodha halali (Mpya, Imepokelewa, Imekamilika, Imekataliwa) iko kwenye shiti `Orodha`, seli A2 hadi A5. Badilisha majina yafanane na ya kwako.

Bofya seli moja ya safu D ambayo una hakika bado ina kanuni yake. Bonyeza F5, kisha `Special`, chagua `Data validation`, na chini yake chagua `Same`. Excel itachagua seli zote zenye kanuni sawasawa na hiyo. Zikiwa bado zimechaguliwa, zipake rangi hafifu. Seli za safu D zitakazobaki bila rangi ndizo zilizofutiwa kanuni au kupewa kanuni ngeni. Ndiyo maana nasema `Same` na sio `All`: ukitumia `All`, seli iliyobandikwa kutoka safu nyingine yenye kanuni yake itachaguliwa pia, na utaiona kama nzima. Fanya hivyo hivyo kwa safu E.

Kuna njia ya haraka zaidi ya kujua tu kama kuna tatizo. Chagua D2 hadi D601, kisha fungua Data Validation. Ikikuuliza kama unataka kupanua kanuni hadi kwenye seli zisizokuwa nayo, kuna zilizofutiwa. Ikisema eneo lina kanuni za aina zaidi ya moja, kuna zilizoingiliwa na kanuni ngeni. Haikuonyeshi zilipo, lakini kama ukaguzi wa dakika moja inatosha.

Andika pembeni namba za mistari iliyoguswa. Mara nyingi utaona zimefuatana, tuseme mstari wa 212 hadi 260, kwa sababu mtu alibandika fungu zima kwa mkupuo mmoja. Hapo umepata chanzo kimoja cha kufuatilia badala ya makosa hamsini yasiyohusiana.

Rudisha kanuni, kisha zungushia

Nakili seli moja yenye kanuni nzima, chagua D2 hadi D601, bonyeza Ctrl+Alt+V na uchague `Validation`. Hii inabandika kanuni peke yake. Thamani zilizomo haziguswi. Sasa bofya Data, mshale wa Data Validation, kisha `Circle Invalid Data`. Seli zote zina kipimo, kwa hiyo zile zilizorukwa mwanzoni zitajitokeza.

Chombo hiki kina mipaka yake. Kinazungushia seli 255 tu kwa mara moja, kwa hiyo kwenye faili lililoharibika sana unarekebisha kwanza, kisha unabofya tena. Duara zenyewe hazidumu: ukilifunga faili na kulifungua upya huzikuti, hivyo usizitegemee kama alama ya kumwachia mwenzako. Na huwezi kuchuja safu kwa duara wala kuzihesabu kwa fomula.

Seli tupu nazo hazizungushiwi kama kwenye kanuni umeacha alama ya `Ignore blank`. Ukitaka kuona mistari iliyokosa Hali, ondoa alama hiyo kwa muda na uzungushie tena. Tahadhari kuhusu alama hiyo hiyo: kama chanzo cha orodha ni eneo ulilolipa jina, na ndani yake kuna seli hata moja tupu, `Ignore blank` inaifanya kanuni ikubali chochote, hata kinachoandikwa kwa mkono. Kwako inakataa, kwa hiyo hilo sio tatizo lako la leo, lakini anayeongeza nafasi tupu chini ya orodha "za matumizi ya baadaye" analiita.

Kisha kuna herufi kubwa na ndogo. Orodha inayotoka kwenye seli za shiti haitofautishi herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo "imekamilika" yako haitazungushiwa kamwe. Orodha uliyoiandika moja kwa moja ndani ya kisanduku cha `Source` kwa mikato inatofautisha. Kama unaona herufi ndogo hazina madhara kwenye ripoti zako, ziache. Kama data inaelekea kwenye chombo kinachozitofautisha, kwa mfano Power Query, unahitaji kipimo kikali zaidi ya duara.

Kipimo kisichokaa ndani ya seli inayopimwa

Hapa ndipo ningetumia muda wangu mwingi. Chochote unachokiweka ndani ya seli, iwe kanuni ya uhakiki au rangi ya masharti, kinaweza kufutwa na Ctrl+V moja. Kwa hiyo weka ukaguzi kwenye shiti lingine ambalo hakuna anayebandika. Liite `Ukaguzi`, na kwenye A2 andika:

```
=INDEX(Maombi!$D:$D,ROW())&""
```

Na kwenye B2:

```
=IF(A2="","",IF(SUMPRODUCT(--EXACT(A2,Orodha!$A$2:$A$5))=0,"Kosa",""))
```

Zijaze zote mbili hadi mstari wa 601. Kama kompyuta yako inatenganisha vipande vya fomula kwa nukta-mkato, badilisha mikato.

Utauliza kwa nini nisiandike tu `=Maombi!D2`. Ni kwa sababu watu hawanakili tu, wanakata pia. Mtu akikata D5 kwa Ctrl+X na kuibandika D9, fomula iliyokuwa ikiitazama D9 inageuka `#REF!`, na iliyokuwa ikiitazama D5 inaifuata D9. Ukaguzi wako unavunjika kimyakimya kwenye mstari ule ule uliochezewa. `INDEX` kwenye safu nzima haiyumbi namna hiyo. Inachukua kilichopo kwenye safu D, mstari wenye namba sawa na wake, hata kama seli zimekatwa, zimefutwa au zimehamishwa.

`EXACT` nimeichagua kwa kuwa inalinganisha herufi kwa herufi. Wengi hutumia `COUNTIF`, na kwa orodha ya kawaida inafaa, ila ina tabia mbili za kuangalia. Inazipokea `*` na `?` kama alama za "chochote", hivyo seli yenye nyota peke yake itahesabiwa kuwa halali. Na inaona maandishi "0042" na namba 42 kuwa kitu kimoja, jambo baya sana kama safu yako ni ya misimbo.

Kisha sehemu ya juu ya `Maombi`, mahali panapoonekana kila faili linapofunguliwa, weka:

```
=COUNTIF(Ukaguzi!$B$2:$B$601,"Kosa")
```

Namba hiyo ikiwa 0 asubuhi na 37 jioni, unajua kuna fungu limebandikwa leo, na unamuuliza aliyekuwa kazini wakati bado anakumbuka alikolitoa.

Neno lililo sahihi machoni lakini linaitwa kosa

Utakapoendesha ukaguzi huu, baadhi ya mistari itasema "Kosa" huku seli ikionyesha "Imekamilika" iliyonyooka kabisa. Usiifokee fomula. Andika pembeni `=LEN(A2)`. Neno Imekamilika lina herufi 11. Ukipata 12, kuna kitu kisichoonekana, mara nyingi mwishoni, na kukijua andika `=UNICODE(RIGHT(A2,1))`. Jibu 32 ni nafasi ya kawaida, na `TRIM` inaiondoa. Jibu 160 ni nafasi isiyokatika, ile inayokuja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kurasa za wavuti, na `TRIM` haiigusi hata kidogo. Hapo tumia:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(160)," "))
```

Nakili matokeo na uyarudishe kwenye safu D kwa Paste Special, Values, ili usifute kanuni uliyotoka kuirudisha. Baada ya hapo, yanayobaki na "Kosa" ni makosa ya kweli ya tahajia kama "Imekamilka", au ya herufi ndogo kama "imekamilika". Hayo yarekebishe kwa Find & Replace ukiwa umechagua safu D peke yake na kuweka alama ya `Match entire cell contents`, ili kipande cha neno kisibadilishwe ndani ya neno lingine.

Tarehe, ambako kosa baya zaidi linapita vipimo vyote

Kwenye `Ukaguzi`, C2:

```
=INDEX(Maombi!$E:$E,ROW())
```

Na D2:

```
=IF(C2=0,"",IF(ISNUMBER(C2),IF(AND(C2>=DATE(2025,1,1),C2<TODAY()+1),"","Kosa"),"Maandishi"))
```

Nimeandika `<TODAY()+1` kwa sababu tarehe iliyobandikwa ikiwa na saa ndani yake ni kubwa kuliko `TODAY()`, na rekodi ya leo mchana ingeitwa kosa bure.

Jibu linalonitia wasiwasi zaidi ni "Maandishi". Kwa Excel tarehe ni namba. Iliyobaki kuwa maandishi ni ile iliyoshindwa kuisoma. Chukua fungu lililoandikwa siku kwanza, likabandikwa kwenye kompyuta inayosoma mwezi kwanza. "17/03/2025" haisomeki, kwa kuwa hakuna mwezi wa 17, hivyo inabaki maandishi na unaiona. Lakini "05/03/2025", iliyokuwa tarehe 5 Machi, inasomeka vizuri kabisa kama tarehe 3 Mei. Imekuwa namba, iko ndani ya mipaka, kanuni inaikubali, duara haliigusi, na fomula yangu ya juu haiioni. Kwa hiyo zile "Maandishi" chache zinakuambia kwamba jirani zake zinazoonekana nzima zimegeuzwa.

Hapa ndipo ile orodha ya mistari uliyoiandika mwanzoni inapokusaidia. Tazama fungu la mstari wa 212 hadi 260 peke yake. Kama maandishi yote yanaanza na namba kubwa kuliko 12, na kati ya tarehe zilizosomeka hakuna hata moja yenye siku inayozidi 12, fungu zima lilisomwa kinyume. Kwenye safu tupu ya pembeni, ukianza na mstari wa kwanza wa fungu, irudishe kila tarehe iliyosomeka kwa:

```
=DATE(YEAR(E212),DAY(E212),MONTH(E212))
```

Zile zilizobaki maandishi zichuje, zinakili kwenye safu tupu, zichague, kisha Data, `Text to Columns`, na katika hatua ya mwisho chagua `Date` na `DMY`. Usiipitishe `Text to Columns` juu ya zilizokwisha kuwa namba ukitumaini itazigeuza; hizo ni kazi ya fomula ya juu. Na kama chanzo bado kipo, afadhali ulete fungu upya kutoka huko, ukiiambia Excel mpangilio wa tarehe wakati wa kuleta. Kurekebisha kwa kukisia kunafaa pale tu fungu linapojitenga wazi namna hii. Mistari iliyotawanyika moja moja, yenye siku chini ya 13, huwezi kuithibitisha kwa fomula yoyote. Inabidi ilinganishwe na karatasi au ujumbe wa asili.

Kuzuia

Nianze na kisichosaidia. Kulifunga shiti kwa Protect Sheet hakuzuii kubandika kwenye seli ulizoziacha wazi kwa ajili ya kujaza, na kanuni zake zinafutika vilevile. Tena kunaongeza usumbufu: seli za kawaida huwa zimewekwa `Locked`, na hali hiyo nayo hubandikwa, kwa hiyo mtu akibandika mara moja anaweza kukuta seli hiyo imefungwa na hawezi tena kujirekebisha.

Makro inawezekana. Unaandika kwenye tukio la `Worksheet_Change` kwamba kanuni ikikosekana au thamani ikiwa batili, tendo litenguliwe kwa `Application.Undo`. Inafanya kazi vizuri kwenye kompyuta moja inayotumiwa na watu wanaojulikana. Lakini faili lazima liwe `.xlsm`, mtumiaji akikataa makro ulinzi wote unalala, na Excel ya kwenye kivinjari haiendeshi VBA kabisa. Kwa faili la watu kadhaa siiwekei tumaini peke yake.

Kuwaambia watu wabandike kwa Values kunastahili kufanywa, kwa sababu moja mahsusi: kanuni itabaki, na Circle Invalid Data itakuwa na cha kupimia. Thamani mbovu bado itaingia.

Ninachokushauri ni kuwapa pa kubandikia. Watu wanabandika kwa kuwa data tayari wanayo mahali pengine, na kuandika upya mistari 40 kungeleta makosa mengine. Tengeneza shiti liitwalo `Kupokea`, lisilo na kanuni yoyote, lenye safu zilizopangwa kama za `Maombi`, na nakala ya fomula za ukaguzi kwenye shiti la pembeni zikilitazama hilo. Safu ya Tarehe humo ifomatiwe kama `Text` kabla mtu hajabandika, na maandishi yaingizwe kwa `Match Destination Formatting`, ili "05/03/2025" ibaki ilivyoandikwa badala ya kutafsiriwa na kompyuta ya mtu. Seli zilizonakiliwa kutoka Excel nyingine zibandikwe kwa Values. Hizo tarehe zake zimekwisha kuwa namba huko zilikotoka, na zikiingia kwenye safu hiyo zitaonekana kama 45721, jambo linalokuonyesha mara moja fungu limetoka wapi. Tarehe za humo kuitwa "Maandishi" ni kawaida. Fungu likiwa na sifuri ya "Kosa", mtu mmoja mwenye jukumu hilo anazigeuza tarehe kwa `Text to Columns` na `DMY` (hizo za namba anazibadilishia fomati tu), analihamishia `Maombi` kwa Paste Special, Values, kisha anafuta yaliyomo kwenye `Kupokea` kwa kitufe cha Delete na kuirudishia safu ya Tarehe fomati ya `Text`. Asipoirudisha, fungu linalofuata litasomwa tena kwa mpangilio wa kompyuta iliyopo.